Kunyoosha orodha ya bei ya duka iliyoandikwa kwa Tab na nafasi

Orodha ya bei ya duka dogo mara nyingi huandikwa na mtu aliyezoea kuandika barua. Anaandika jina la bidhaa, anabonyeza kitufe cha nafasi au cha Tab mpaka kialama kifike pale anapopataka, anaandika bei, kisha anashuka mstari. Kwenye skrini yake mambo yanaonekana yamenyooka. Faili likipelekwa steshenari kuchapishwa, au likifunguliwa kwenye kompyuta yenye aina nyingine ya herufi, bei zinatawanyika: moja imesogea kushoto, nyingine imeruka hadi mwisho wa ukurasa.

Kwa duka linalouza jumla na rejareja, huo si upungufu wa urembo tu. Bei mbili zinakaa jirani, na bei ya rejareja ikisogea vidole viwili kushoto inaingia chini ya kichwa cha bei ya jumla. Kijana anayesaidia dukani atasoma anachokiona, na mteja aliyechukua lita moja ya mafuta atatozwa bei isiyo yake. Ndiyo maana kuinyoosha orodha hiyo kwa kuongeza nafasi hapa na kupunguza pale ni kazi isiyokwisha. Kinachotakiwa ni jedwali, na ili kompyuta itengeneze jedwali lazima kwanza ijue mpaka kati ya jina, kipimo na bei uko wapi.

Tuanze na sababu ya kupinda kwenyewe. Kitufe cha Tab kilirithiwa kutoka kwenye mashine ya taipu, ambako mwandishi aliweka vizuizi kwenye mashine, na kila alipobonyeza kitufe hicho gari la karatasi liliteleza hadi kwenye kizuizi kinachofuata. Kompyuta inafanya vilevile. Tab haina upana wake maalumu. Inafanana na daladala inayosimama vituoni tu. Ukiwa hujafika kituo, inakupeleka kituoni. Ukiwa umekipita hata kwa herufi moja, inakupeleka kituo kinachofuata. Katika Word vituo hivyo, visipobadilishwa na mtu, huwa kila baada ya sentimita 1.27. Katika Notepad huwa kila baada ya herufi 8. Kwa hiyo mwandishi wa "Sukari", neno la herufi 6, akibonyeza Tab mara moja anafika herufi ya 8, wakati "Unga wa sembe", yenye herufi 13, inampeleka herufi ya 16. Ili sukari isibaki nyuma, anabonyeza Tab mara ya pili. Akifika kwenye "Mafuta ya alizeti", herufi 17, kituo cha 16 kimeshapitwa, na Tab itamrusha hadi 24. Hapo anaacha Tab na kuanza kutumia nafasi.

Nafasi nazo zina shida yake. Katika herufi nyingi zinazotumika maofisini, kama Calibri na Times New Roman, herufi "i" ni nyembamba kuliko "m", na nafasi ina upana wake. Mistari miwili yenye idadi sawa ya herufi na nafasi haiishii mahali pamoja. Katika Courier New au Consolas, ambako kila alama ina upana uleule, nafasi zinaweza kunyoosha safu. Lakini mtu akibadilisha aina ya herufi tu, unyoofu huo unapotea.

Sasa tufungue orodha ya mfano. Duka ni la bidhaa za nyumbani, na bei ni za mfano, kwa shilingi za Tanzania. Katika Word, bonyeza `Ctrl+Shift+8` na alama zilizojificha zitajitokeza: kila nafasi inakuwa nukta ndogo katikati ya mstari, na kila Tab inakuwa mshale. Hatua hii ndiyo ninayoipa uzito kuliko zote, kwa sababu bila hiyo unafanya kazi kwa kubahatisha. Orodha yetu inaonekana hivi:

```
Bidhaa→→Kipimo→Jumla→Rejareja
Sukari→→kilo·1···2,700→3,000
Unga·wa·sembe→kilo·2→3,200·→3,600
Mafuta·ya·alizeti····lita·1→→6,500
Sabuni·ya·mche→mche·→2,3OO→2,800/=
Chumvi→→pakiti→→500
Viberiti→dazeni·1,000→1,200
```

Angalia mishale miwili iliyofuatana. Iko kwenye mstari wa sukari, baada ya jina. Iko pia kwenye mstari wa mafuta, baada ya "lita 1". Kwa kompyuta hivyo ni vitu vimoja, lakini kwa mwenye duka ni vitu viwili tofauti kabisa. Baada ya sukari, Tab ya pili iliwekwa ili kusukuma tu, kwa kuwa jina ni fupi. Baada ya "lita 1", Tab ya pili inasema kwamba mafuta hayana bei ya jumla: nafasi ya bei hiyo imeachwa wazi makusudi. Chumvi ina zote mbili kwenye mstari mmoja, ya kusukuma mwanzoni na ya pengo karibu na mwisho.

Hapa ndipo orodha nyingi huharibikia. Mtu anajua amri ya kuunganisha Tab zilizofuatana ziwe moja, anaibonyeza, na orodha inanyooka papo hapo. Lakini pengo la mafuta limemezwa pamoja na Tab za kusukuma, na 6,500 imehamia safu ya jumla. Excel ina kishawishi hichohicho: katika `Data > Text to Columns` kuna kisanduku kilichoandikwa `Treat consecutive delimiters as one`. Ukikitia alama bila kushughulikia mapengo, matokeo ni yaleyale. Hakuna programu itakayotambua ni Tab ipi ya kusukuma na ipi ya pengo. Anayejua ni mwenye duka, kwa hiyo kazi ya kwanza ni yake.

Kazi hiyo ni fupi. Kabla ya kubadilisha chochote, hifadhi nakala ya faili kwa jina jingine. Kisha pitia mstari mmoja mmoja, na kila palipo na pengo la kweli andika kistari kati ya mishale miwili. Mstari wa mafuta utakuwa hivi, na wa chumvi vivyo hivyo:

```
Mafuta·ya·alizeti····lita·1→-→6,500
Chumvi→→pakiti→-→500
```

Kwa duka la bidhaa 80 kazi hii ni ya muda mfupi tu, na kuna njia ya kuyatambua mapengo upesi: mishale miwili baada ya jina fupi kwa kawaida ni ya kusukuma, mishale miwili baada ya kipimo, kabla ya bei moja iliyobaki peke yake, kwa kawaida ni pengo. Ukisitasita, uliza. Usikisie bei.

Mapengo yakishapata alama, sasa mashine inaweza kufanya kazi. Kanuni yake ni moja: mpaka kati ya safu na safu uwe Tab moja tu. Nafasi moja haiwezi kuwa mpaka, kwa sababu iko ndani ya majina yenyewe, kama katika "Unga wa sembe" na "kilo 2". Lakini nafasi mbili au zaidi karibu kila mara ni za kusukuma, kwa hiyo tunazigeuza kuwa Tab. Bonyeza `Ctrl+H` kufungua dirisha la kutafuta na kubadilisha. Katika Word, Tab huandikwa `^t`. Bonyeza `Replace All` kwa kila badiliko lifuatalo, kwa mpangilio huu: nafasi mbili ziwe `^t`, kisha `^t` yenye nafasi moja nyuma yake iwe `^t` tupu, kisha nafasi moja inayotangulia `^t` iondoke, ibaki `^t`, mwisho `^t^t` iwe `^t`, na hili la mwisho ulirudie mpaka Word ikuambie imebadilisha mara 0.

Kuna jambo dogo linalosumbua watu hapa. Nafasi haionekani ndani ya kisanduku cha kutafutia. Ikiwa umesahau nafasi moja kutoka badiliko lililopita, utatafuta kitu kingine kabisa na Word itajibu kwamba hakuna. Futa kisanduku chote kabla ya kuandika upya. Na kama orodha ilinakiliwa kutoka kwenye ukurasa wa mtandao, baadhi ya nafasi zinaweza kuwa za aina isiyokatika, ambazo Word huzionyesha kama kiduara kidogo badala ya nukta. Hizo zianzie: tafuta `^s` na uweke nafasi ya kawaida. Kwa wanaotumia LibreOffice, alama `^t` haifanyi kazi. Weka tiki kwenye `Regular expressions` na uandike `\t`.

Tuufuate mstari wa sukari. Kati ya "kilo 1" na "2,700" kulikuwa na nafasi tatu. Badiliko la kwanza lilizigeuza mbili kuwa Tab na kuacha moja. La pili likaifuta hiyo moja. Tab mbili baada ya jina ziliunganishwa na badiliko la mwisho. Nafasi nne za mafuta zilikuwa Tab mbili, nazo zikawa moja. Matokeo ni haya:

```
Bidhaa→Kipimo→Jumla→Rejareja
Sukari→kilo·1→2,700→3,000
Unga·wa·sembe→kilo·2→3,200→3,600
Mafuta·ya·alizeti→lita·1→-→6,500
Sabuni·ya·mche→mche→2,3OO→2,800/=
Chumvi→pakiti→-→500
Viberiti→dazeni·1,000→1,200
```

Bado imepinda kwa macho, na wengi hukata tamaa hapa wakidhani wameiharibu. Hawajaiharibu. Sasa kinachohesabika ni idadi ya mishale: safu nne zina mipaka mitatu, hivyo kila mstari uwe na mishale mitatu. Mistari yote inayo, isipokuwa wa viberiti wenye miwili. Mwandishi aliweka nafasi moja tu kati ya "dazeni" na "1,000", na nafasi moja ndiyo tuliyokubaliana kutoigusa. Hili halina dawa ya jumla. Linatafutwa na kurekebishwa kwa mkono.

Chagua mistari yote, nenda `Insert > Table > Convert Text to Table`, na chini ya `Separate text at` chagua `Tabs`. Kabla ya kubonyeza `OK`, soma idadi ya safu ambayo Word imependekeza. Ikiwa ni 4, vizuri. Ikiwa ni 5, kuna mstari wenye Tab ya ziada, pengine mtu aliacha nafasi mbili ndani ya jina, na "Unga" ikatengana na "wa sembe". Bonyeza `Cancel`, utafute mstari huo, kisha urudi. Usibadilishe 5 kuwa 4 kwa nguvu, maana mstari wenye kosa utabaki na kosa lake.

Idadi hiyo haikuonyi kuhusu mstari uliopungukiwa. Huo hujitokeza baada ya jedwali kutengenezwa, kwa kisanduku tupu upande wa kulia kabisa. Hii ndiyo faida ya kuweka bei ya rejareja katika safu ya mwisho: kila bidhaa ya duka lazima iwe nayo, kwa hiyo safu hiyo haipaswi kuwa na kisanduku kitupu hata kimoja. Kama viberiti vingeachwa jinsi vilivyokuwa, 1,200 ingekaa chini ya jumla na rejareja ingebaki wazi, na macho yangeliona mara moja.

Jedwali likiwa tayari, chagua safu mbili za bei na ubonyeze `Ctrl+R` zisogee kulia. Bei husomwa kwa kulinganisha, na 500 ikikaa chini ya 6,500 huku mamoja, makumi na mamia yakiwa mahali pake, jicho halihitaji kuhesabu tarakimu. Majina na vipimo vibaki kushoto. Ondoa "/=" kwenye bei zote na uandike sarafu mara moja tu juu, kwa mfano "Rejareja (Sh)". Kama orodha inaenda kurasa mbili, weka kialama kwenye mstari wa vichwa na uchague `Repeat Header Rows` ili vichwa virudi juu ya kila ukurasa. Kipimo nacho kitazamwe: katika mfano wetu bei zote mbili ni za kipimo kilekile. Duka linalouza jumla kwa katoni na rejareja kwa kipande linahitaji safu mbili za kipimo, la sivyo jedwali litakuwa limenyooka na bado linadanganya.

Umeona kosa lililo kwenye sabuni? Bei ya jumla imeandikwa kwa herufi O mbili badala ya sifuri mbili. Kwenye karatasi halionekani. Litaonekana siku mwenye duka atakapotaka kupiga hesabu, na njia ya kuligundua mapema ni kunakili jedwali na kulibandika Excel kuanzia kisanduku A1. Kwa kawaida Excel husogeza nambari kulia na maneno kushoto, lakini ukiwa umekwisha kuzisogeza bei katika Word mpangilio huo huja nao, kwa hiyo usitegemee macho. Andika fomula hizi pembeni:

```
=COUNT(C2:C7)
=COUNT(D2:D7)
```

`COUNT` huhesabu visanduku vyenye nambari halisi tu. Bidhaa ni sita, mbili hazina bei ya jumla, kwa hiyo ya kwanza itoe 4 na ya pili itoe 6. Katika orodha yetu ya kwanza jumla itatoa 3, kwa sababu ya 2,3OO, na kama hujaondoa "/=" rejareja itatoa 5. Excel haisemi kwamba kuna kosa. `SUM` inakiruka kisanduku hicho kimyakimya na kukupa jumla pungufu. Rekebisha mpaka hesabu zitimie.

Mengine mawili ya Excel. Ukiandika nusu kilo kama `1/2` peke yake kwenye kisanduku, itageuzwa kuwa tarehe. Andika "gramu 500" au "nusu kilo". Na kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa, kama zilivyo nyingi Kongo, huichukulia koma kuwa alama ya desimali, hivyo 2,700 inakuwa mbili na sehemu saba za kumi. Huko ni salama zaidi kuandika 2700 bila koma na kuiachia programu iweke mgawanyo wa maelfu yenyewe.

Maduka mengi sasa hutuma bei kwa WhatsApp, na huko jedwali la Word halibandikiki. Ukitaka ibaki jinsi ilivyo, hifadhi faili kama PDF na uitume. Ukitaka iwe maandishi ambayo mteja anaweza kuyanakili, WhatsApp ina herufi za upana sawa: andika alama tatu za ` kabla ya orodha na tatu baada yake. Tab usiitumie humo. Tumia nafasi zilizohesabiwa, na Excel inaweza kukuhesabia. Fomula hii inampa jina herufi 18 na bei herufi 7:

```
=A2&REPT(" ",18-LEN(A2))&REPT(" ",7-LEN(TEXT(D2,"#,##0")))&TEXT(D2,"#,##0")
```

Ivute hadi mstari wa mwisho na utapata:

```
Sukari              3,000
Unga wa sembe       3,600
Mafuta ya alizeti   6,500
Sabuni ya mche      2,800
Chumvi                500
Viberiti            1,200
```

Jina likizidi herufi 18, fomula itatoa `#VALUE!`. Lifupishe jina au ongeza 18 iwe 20, ila kumbuka skrini ya simu ni nyembamba, na mstari mrefu utakatika na kushuka. Ndiyo sababu hapa nimeacha bei ya jumla na kipimo: orodha ya simu iwe ya safu mbili, na anayehitaji zaidi atumiwe PDF.

Kwa ndugu zetu wa steshenari, mteja akija na bei zake kwenye daftari, anzeni kwa kuchora jedwali ndipo mwandike, na yote yaliyoelezwa hapa hayatahitajika. Nawe mwenye duka, ukilipia orodha ichapwe, omba upewe na faili lenyewe, si karatasi peke yake. Bei ya sukari ikibadilika utarekebisha kisanduku kimoja na kuchapisha upya.